“Ah kwenye betri ni nini?”: namna ya kuandika vichwa vya kurasa za maneno ya sola

*Habari mtaalamu. Nina duka la vifaa vya sola na tovuti ndogo ya Kiswahili. Nimeandika faharasa ndefu kwenye ukurasa mmoja, nimeuita “Faharasa ya Istilahi za Nishati ya Jua”. Ndani yake kuna “Kigeuzi Mkondo”, “Kidhibiti Chaji”, “Ampea-saa” na mengine mengi. Wanaofika kupitia Google ni wachache mno, na huku dukani naulizwa maneno hayohayo kila siku. Vichwa niviandikeje? Na je, kila neno lipewe ukurasa wake?*

Kuwa na duka ni bahati kubwa kwako, ndugu yangu. Swali analouliza mteja akiwa kaunta ndilo atakaloliandika kwenye simu akifika nyumbani, ila kwenye simu atalifupisha, na neno geni ataliandika kama alivyoliona au alivyolisikia. Kwa hiyo kabla hujaandika kichwa chochote, jiulize neno hilo mtu hukutana nalo wapi kwa mara ya kwanza.

Maneno mengine hukutana nayo kwa macho. Betri imeandikwa 12V 100Ah ubavuni, inverter imeandikwa 1000VA, chaji kontrola imeandikwa MPPT kwa herufi kubwa. Mtu wa namna hii anakopi kilichoandikwa, herufi kwa herufi, mara nyingi pamoja na namba. Maneno mengine humfikia kwa sikio: fundi amemwambia “inveta yako ndogo” au “kontrola imekufa”, naye anaandika “inveta”, “invata”, “kontrola ya sola”. Ukipitia maneno ya faharasa yako ukaweka kila moja upande wa macho au upande wa sikio, utaona haraka kwa nini ukurasa wako haupatikani. “Ampea-saa” haijaandikwa kwenye betri hata moja dukani kwako, na hakuna fundi anayeitamka. Ni neno sahihi, lakini anayekutana na Ah kwa mara ya kwanza hana njia ya kulifikia. Angelijua, asingehitaji ukurasa wako.

Tuichukue hiyo Ah tuifanyie kazi mpaka mwisho.

Kichwa cha kwanza kinachokuja akilini ni “Ah ni nini?” Kina kasoro. Google haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye swali, na “ah” ni mshangao kwenye lugha kadhaa, ni kifupi cha mwaka wa Hijria, na ni vifupisho vingine chungu nzima. Kifupisho cha herufi mbili hakisimami peke yake, kinahitaji neno la kukiweka mahali pake. Mteja mwenyewe analijua neno hilo, kwa sababu ameshika betri mkononi. Ndiyo maana huuliza “Ah kwenye betri ni nini” au “100Ah maana yake nini”. Hilo “kwenye betri” ni la thamani kuliko “ufafanuzi”, “dhana” na “istilahi” zote ulizoweka. Kichwa changu kingekuwa hivi:

```
Ah kwenye betri ni nini? Maana ya 12V 100Ah
```

Ni herufi 43 pamoja na nafasi. Neno geni liko mbele kabisa, mahali lilipopatikana linafuata, na namba iliyoko kwenye lebo ipo. Namba hiyo usiidharau. Anayeanza hajui kwamba 100 ni kiasi na Ah ni kipimo, yeye anaona kitu kimoja, “100Ah”, naye anakiandika hivyohivyo. Hali ni hiyohiyo kwa VA, kipimo cha uwezo wa inverter: watu huuliza “1000VA ni watt ngapi” kabla hata ya kuuliza VA yenyewe ni kitu gani. Chagua namba ya bidhaa inayotoka zaidi dukani kwako, moja tu, uiweke kwenye kichwa. Ukizipanga 50Ah, 100Ah, 150Ah na 200Ah zote, kichwa kitafanana na bango la matangazo na mtu atakipita.

Kichwa kikishauliza swali, sentensi ya kwanza chini yake ilijibu. Mimi ningeandika: “Ah ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutunza. Betri ya 12V 100Ah ikijaa ina takriban wati-saa 1,200, yaani 12 mara 100.” Kisha unaeleza jambo ambalo lebo hailisemi. Betri ya asidi haifai kutolewa umeme wote, na ukitumia nusu yake una wati-saa 600. Ukiwasha televisheni na taa ambazo jumla ni wati 60, hesabu inakupa saa 10, na kwa kuwa inverter nayo inakula umeme kidogo, tegemea saa 8 hadi 9. Hapo ndipo mtu anaridhika, kwa sababu ukimsikiliza vizuri kaunta, nyuma ya “Ah ni nini” kuna swali la pili: itanifikisha asubuhi?

Hilo swali la pili liwe sehemu ya ukurasa huohuo, au liwe na ukurasa wake? Kipimo changu ni kumtazama anayeuliza. Anayeandika “betri ya 100Ah inakaa masaa mangapi” ameshavuka kiwango cha kutaka maana, sasa anataka hesabu, na anataka aifanye kwa vifaa vyake mwenyewe. Huyo mpe ukurasa wa pili wenye jedwali la vifaa, ukiuunganisha na ule wa kwanza. Kwenye ukurasa wa maana mfano mmoja unatosha. (Na ndiyo, watu huandika “masaa”. Mwalimu wako wa Kiswahili atakuelewa. Ukipenda weka “saa” ndani ya maelezo na “masaa” kwenye kichwa, mimi sioni aibu.)

Sasa njoo kwenye inverter, ambayo ina mtego wa aina nyingine. Ungedhani “Inverter ni nini?” inatosha, maana neno ni refu na linajulikana. Lakini pita duka la vyombo vya umeme uone friji na viyoyozi: vimebandikwa stika ya “Inverter” mlangoni. Pale neno lina maana kwamba kompresa inabadili kasi yake badala ya kuwaka na kuzima. Mafundi wa kuchomelea nao wana mashine yao wanayoiita inverter. Kwa hiyo anayeandika “inverter ni nini” huenda ana friji kichwani, na akifungua ukurasa wako akakuta betri na paneli, anarudi alikotoka. Namna ya kugundua mtego huu ni rahisi: andika swali lenyewe kwenye Google, uangalie matokeo ya mwanzo na hasa upande wa picha. Ukiona picha zimechanganyika, friji hapa na boksi la sola pale, jua neno lina wenyewe wengi na kichwa chako lazima kiseme wewe ni wa wapi:

```
Inverter ya sola ni nini, na kazi yake ni ipi?
```

Nimeongeza “kazi yake” kwa makusudi. Kwenye vifaa vinavyouzwa, anayeanza haulizi maana kwa ajili ya kujua tu. Ametajiwa bei, sasa anataka kujua kama anaweza kuishi bila kitu hicho. “Kazi ya chaji kontrola”, “kazi ya inverter kwenye sola”, haya ni maswali ya mtu mwenye bajeti mkononi. Kwenye vipimo kama Ah au VA, swali la “kazi” halipo, hakuna anayeuliza kazi ya volti dukani. Kwa hiyo kifaa kinapewa “ni nini, na kazi yake”, na kipimo kinapewa “ni nini, na maana ya” namba iliyoko kwenye lebo.

Kuna “nini maana ya” pia, na hapa uwe makini kidogo. Kwa uzoefu wangu, “nini maana ya volti”, “eleza maana ya mkondo wa umeme” na mengine ya sura hiyo huandikwa zaidi na wanafunzi wenye swali la darasani. Wanahitaji fasili ya kuandika kwenye daftari, na hawanunui betri. Hakuna ubaya wakifika kwako, lakini usipindishe vichwa vyako kuwafuata wao. Na usitengeneze ukurasa mmoja wa “inverter ni nini”, mwingine wa “nini maana ya inverter”, na wa tatu wa “inverter maana yake” kwa kudhani unatega mitego mitatu. Swali ni lilelile, jibu ni lilelile. Kurasa zitagombania nafasi moja, na ukizizalisha kwa wingi za aina hiyo, Google inazihesabu kuwa kurasa za hila. Kichwa kibebe umbo moja, maumbo mengine yatajitokeza yenyewe ndani ya maelezo.

Halafu kuna maneno yasiyokuja peke yake. MPPT ndilo bora la kujifunzia. Nani amewahi kukuuliza MPPT ni nini bila kuitaja PWM? Mteja amewekewa kontrola mbili kaunta, zote zimeandikwa ampea 20, moja bei yake ni mara kadhaa ya nyingine, na tofauti pekee anayoiona ni hizo herufi. Swali lake limezaliwa likiwa la kulinganisha. Ukimwandikia kurasa mbili, “MPPT ni nini” na “PWM ni nini”, atalazimika kusoma zote mbili na kujilinganishia mwenyewe, na ndicho hasa anachoshindwa kufanya. Mpe ukurasa mmoja:

```
Tofauti ya MPPT na PWM kwenye chaji kontrola ya sola
```

Na chini yake usianze na kirefu cha MPPT. Anza na paneli moja ya wati 100, ile ya kawaida inayotoa ampea 5.5 ikiwa kwenye volti 18 hivi. PWM inaiunganisha paneli moja kwa moja na betri, hivyo volti za paneli zinashushwa hadi kulingana na za betri. Betri ikiwa kwenye volti 13, unapata 13 mara 5.5, karibu wati 72. Zile nyingine zimepotea njiani. MPPT inaiacha paneli ifanye kazi kwenye volti zake 18, kisha inazibadilisha kuwa volti 13 zenye ampea nyingi zaidi, na inachopoteza katika kubadilisha ni kidogo. Msomaji sasa anajua analipia nini. Anajua pia kwamba kwa paneli moja ndogo ya taa mbili, PWM huenda ikamtosha, na kumwambia hivyo hakutakuharibia biashara.

Nije kwenye “Kigeuzi Mkondo” na “Kidhibiti Chaji”. Sikwambii uyatupe. Yaweke ndani, baada ya mtu kuwa ameshafika: “Inverter, ambayo wengine huandika inveta na kwa Kiswahili sanifu huitwa kigeuzi…” Sentensi moja ya namna hiyo inabeba tahajia ya lebo, tahajia ya sikio na neno la vitabuni kwa pamoja. Kwenye kichwa chenyewe panatosha tahajia moja, na sheria yangu ni kwamba iliyochapishwa kwenye bidhaa ndiyo inayoshinda, kwa kuwa mtu anaweza kuinakili akiwa na shaka. Kama kifaa hakina jina lililochapishwa, fuata mdomo wa mafundi. “Betri ya maji” na “betri kavu” ni mfano wake: boksi linasema jambo jingine, ila mtaani ndivyo zinavyoitwa, na ndivyo zinavyotafutwa. Wateja wako wakiwa pande zote mbili za mpaka, kumbuka pia kwamba Mkenya anaweza kuandika “stima” pale Mtanzania anapoandika “umeme”. Hilo nalo litajwe ndani, usilisukume kwenye kichwa.

Je, kila neno lipewe ukurasa? Hapana. Neno linastahili ukurasa likiwa na swali la pili nyuma yake, kama tulivyoona kwa Ah. Inverter inalo, MPPT inalo, VA inalo. Lakini “klipu ya waya” na “fremu ya paneli” hazina. Ukizipa kurasa utaandika mistari miwili na kujaza maneno matupu mpaka chini, na msomaji atajua. Hizo zibaki kwenye orodha. Sitashangaa katika faharasa yako yote maneno yanayostahili yakiwa kumi na mawili au kumi na matano tu.

Kuhusu uandishi wa kichwa chenyewe kwenye tovuti: kuna kichwa kilichoko ndani ya tagi ya `title`, ambacho ndicho Google inachokitazama kwanza kuandika ule mstari wa bluu, na kuna kichwa kikubwa ambacho msomaji anakiona akifungua ukurasa. Viwe ndugu. Si lazima vifanane neno kwa neno, ila vikisema mambo mawili tofauti, Google inaweza kukiacha chako na kuchukua inachokiona kinafaa, kutoka kichwa kikubwa au hata kutoka maneno ya viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa. Kwa ukurasa wa Ah ingekuwa hivi:

```
<title>Ah kwenye betri ni nini? Maana ya 12V 100Ah</title>
<h1>Ah kwenye betri ni nini?</h1>
```

Urefu haupimwi kwa idadi ya herufi bali kwa upana wa mstari kwenye skrini, lakini ukikaa ndani ya herufi 55 hivi kwa kawaida hukatwi. Kiswahili hapa kinatusaidia, maana katika “Ah kwenye betri ni nini” neno geni tayari liko mbele, na hata mkia ukikatwa swali linabaki. “Ufafanuzi wa kina wa istilahi ya Ah” ungekatwa, wa kwanza kupotea angekuwa Ah mwenyewe. Jina la duka lako liende mwishoni kama nafasi ipo, na kama haipo liache.

Angalia pia kiolezo cha tovuti yako. Tovuti nyingi hubandika maneno yaleyale kwenye kila kichwa, mfano “Glossary |” ikifuatiwa na jina la tovuti, bila mwenyewe kujua. Maneno yanayojirudia kwenye kila ukurasa ni sababu mojawapo ya Google kuandika kichwa upya. Isitoshe, tangu mwaka 2022 imesema wazi kwamba kichwa kikiwa katika lugha isiyo ya maandishi yaliyomo, inaweza kutafuta kingine kinachoendana na maandishi hayo. Neno kama inverter ndani ya sentensi ya Kiswahili halina shida. Shida ni kichwa kizima cha Kiingereza juu ya ukurasa wa Kiswahili.

Ukimaliza, subiri wiki kadhaa kisha ingia Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti maswali yaliyoleta kurasa zake, kwenye ripoti ya utendaji, uchuje maswali kwa kuchagua regex, yaani kichujio kinachokubali maneno kadhaa kwa mkupuo, na kuandika:

```
ni nini|maana|kazi ya|tofauti|ngapi
```

Utaona maswali ya wanaoanza peke yake. Likitokea swali ambalo ukurasa wako umeonekana mara nyingi lakini haujabofywa, litafute mwenyewe uone mstari wa bluu unasemaje. Kama ni kichwa kilichobadilishwa na Google, rekebisha kile kichwa kikubwa kwanza. Kama ni chako kilekile, yawezekana umejitokeza kwa watu wa friji. Fahamu tu kwamba maswali yaliyoulizwa na watu wachache sana Google huyaficha kulinda faragha, na kwa Kiswahili, kwenye somo dogo kama letu, hayo yanaweza kuwa mengi. Ripoti tupu haimaanishi hakuna anayeuliza. Ndiyo sababu daftari kaunta, au meseji za wateja kwenye WhatsApp, zinakupa kile ambacho ripoti haitakupa. Andika swali kama lilivyotamkwa, usilinyooshe.

Na ule ukurasa wa zamani usiufute. Kama kuna watu waliowahi kuweka viungo kwenda sehemu fulani ya faharasa, mfano `/faharasa#inverter`, huwezi kuvihamisha kimoja kimoja kwa kutumia seva, kwa sababu kinachofuata alama ya # kinabaki kwenye kivinjari na hakitumwi kwa seva kabisa. Acha kila neno mahali pake na alama yake ileile, lipunguze mpaka libaki na sentensi moja, kisha weka kiungo kwenda kwenye ukurasa mpya kwa yale yaliyopata ukurasa. Kiungo chenyewe kiandike kwa maneno ya kichwa, “Ah kwenye betri ni nini”, kuliko “soma zaidi”. Ukurasa wote ubadilishe jina uwe “Maneno ya sola na maana zake: inverter, Ah, MPPT”.